Kolestro Iko Sawa, Moyo Umepata Mshtuko: Tuiangalie Lp(a)

Mwalimu wa sekondari kutoka Umoja, miaka 44, alilazwa kwa mshtuko wa moyo. (Nimebadilisha mambo madogo asitambulike.) Havuti sigara, hana kisukari, presha yake ni ya kawaida. Kolestro mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, ilikuwa 3.1 mmol/L, namba ambayo wengi hapa Nairobi huambiwa ni nzuri. Nilipomuuliza habari za kwao, akasema babake alianguka shambani akiwa na miaka 49 akafariki papo hapo. Watu walisema ni presha, lakini hakuna aliyewahi kumpima.

Ndipo nikaagiza kipimo cha lipoproteini a, kwa kifupi Lp(a), ambacho hakimo kwenye kipimo cha kawaida cha mafuta ya damu. Majibu yalikuwa 210 nmol/L. Kuanzia 125 tunahesabu kuwa ni juu.

Lp(a) ni chembe inayofanana sana na LDL, ila imebandikwa protini ya ziada. Hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, huleta uvimbe humo, na huchangia pia kukakamaa kwa vali ya aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Kiwango chake huamuliwa hasa na jeni moja, LPA, iliyoko kwenye kromosomu ya 6. Ndani ya jeni hiyo kuna kipande kinachojirudia. Kikijirudia mara chache, protini hutoka ndogo, na ini huimwaga kwa wingi kwenye damu. Kufikia takriban miaka mitano kiwango cha mtoto huwa kimeshatulia, na hakibadiliki sana maishani. Mwalimu alikuwa ameacha nyama choma na kuanza kukimbia Karura. Ni vizuri kwa moyo wake, lakini Lp(a) haitashuka kwa hilo.

Watu wenye asili ya Kiafrika huwa na viwango vya juu kwa wastani. Nimesikia hoja kwamba basi kwetu si kitu. Siikubali: hatari hupanda kadiri kiwango kinavyopanda, kwetu pia.

Tangu 2019 wataalamu wa moyo wa Ulaya wanapendekeza kila mtu mzima apimwe angalau mara moja. Naafiki, ila wengi wetu hulipa kutoka mfukoni, kwa hiyo nina foleni yangu. Mbele kabisa ni aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi mapema, yaani mwanamume kabla ya miaka 55 na mwanamke kabla ya 65, pamoja na ndugu zake wa damu na watoto wake. Kisha mwenye LDL ya juu ya kurithi, au inayokataa kushuka ilhali anameza dawa. Huhitaji kufunga kula. Kwa kawaida mara moja inatosha, isipokuwa figo zinapoteza protini au tezi ya shingo ni dhaifu na haijatibiwa, maana hali hizo hupandisha namba.

Kakake mwalimu alipima, akanitumia ujumbe: "Daktari, nimepata 84. Niko salama?" Nikamwomba apige picha karatasi yote. Kama ni 84 nmol/L, yuko eneo la kati. Kama ni 84 mg/dL, yuko juu waziwazi, kwa sababu kwa kipimo hicho mpaka ni 50. Ilikuwa mg/dL. Usijaribu kuzidisha kwa namba moja ili kuhamisha kipimo kimoja kwenda kingine. nmol/L huhesabu idadi ya chembe, mg/dL hupima uzito wake, na ukubwa wa chembe hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Matibabu sasa hivi hayashambulii Lp(a) yenyewe, bali hupunguza hatari nyingine zote. Mwalimu alianzishwa atovastatini miligramu 80, ambayo hushusha LDL kwa karibu nusu: kutoka 3.1 hadi 1.6. Tukaongeza ezetimibi miligramu 10, ikafika 1.3, chini ya 1.4 tunayolenga kwa aliyekwisha pata mshtuko. Alipopima tena Lp(a) kwa hiari yake akakuta imepanda kidogo, alitaka kuacha dawa. Statini, kundi la dawa ambamo atovastatini imo, huweza kufanya hivyo, lakini faida ya kushusha LDL inazidi mbali ongezeko hilo. Aendelee.

Sindano za kuzuia PCSK9, protini inayolizuia ini kuondoa LDL kwenye damu, hushusha Lp(a) kwa takriban robo, ila bei yake ni mwiba. Niasini, yaani vitamini B3, hushusha pia, lakini haijaonyesha kuzuia mishtuko, kwa hiyo siiandiki. Aspirini kwa mwenye Lp(a) ya juu ambaye hajawahi kuugua bado ina mjadala. Naipima dhidi ya hatari ya kuvuja damu tumboni.

Dawa zinazozima jeni hiyo kwenye ini, kama pelakaseni na olpasirani, hushusha Lp(a) kwa asilimia 80 na zaidi. Utafiti mkubwa umeanzishwa kuangalia kama kushuka huko kunazuia mishtuko yenyewe. Kwa sasa, kazi iliyobaki kwa familia hii ni watoto watatu wa mwalimu: kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi nakala ya jeni inayopandisha Lp(a). Kifungua mimba ana miaka 17, na tumekubaliana apime likizo ijayo.