Kichanga kuwa wa manjano: lini ni kawaida, lini akapimwe?

"Mtoto wangu ana siku mbili, macho na ngozi vimekuwa vya njano, bibi yake anasema nimuanike tu jua la asubuhi itaisha yenyewe. Ni kawaida au nimpeleke akapimwe?"

Kitu cha kwanza kabisa angalia saa, sio siku. Mtoto alizaliwa saa ngapi na hiyo njano ilionekana saa ngapi? Ikionekana kabla hajamaliza masaa 24, hiyo sio ya kawaida hata kama ananyonya vizuri na anaonekana mzima kabisa, anapimwa damu siku hiyohiyo. Ikianza siku ya pili au ya tatu, ikapanda mpaka kama siku ya tano alafu ikaanza kufifia, mara nyingi ni ile ya kawaida.

Inakuja hivi: mtoto anazaliwa na chembe nyekundu za damu nyingi, na zinaishi muda mfupi kuliko zetu. Zikivunjika zinatoa bilirubini, ambayo ndio rangi ya njano yenyewe, na kazi ya kuitoa ni ya ini, sasa ini la kichanga halijashika kasi bado. Kwahiyo inarundikana siku chache alafu inatoka kwa choo. Ndio maana asiyenyonya vya kutosha anazidi kuwa wa njano, choo hakitoki na bilirubini inarudi tena kwenye damu.

Ila ini kuchelewa peke yake hakuwezi kumfanya mtoto awe wa njano ndani ya siku moja, mpaka kuwe na kitu kinachovunja damu haraka. Chukua mama wa grupu O, kajifungua Jumatatu saa nane mchana, Jumanne saa mbili asubuhi wanajiandaa kuruhusiwa akaona macho ya mtoto yana njano. Hapo ni masaa 18. Mtoto ni grupu B kama baba yake, na kinga za mama zimepita kwenye kondo zinashambulia chembe za mtoto. Wanampima, bilirubini ni 190 (hizo ni maikromoli kwa lita). Kwa mwongozo wa NICE wa Uingereza, mtoto aliyetimiza wiki 38 tumboni akiwa na masaa 18 anawekwa kwenye taa za bluu za kutibu njano akivuka 175, kwahiyo huyu anaingia kwenye taa saa hiyohiyo. Mtoto mwingine wa siku nne akiwa na 190 hiyohiyo anaenda zake nyumbani, sababu kwa umri wake kikomo ni 350. Ndio maana namba bila saa ya kuzaliwa haimwambii daktari kitu, na usikubali kuondoka na namba peke yake bila kuelezwa kwa umri wa mwanao inamaanisha nini.

Kwenye zile taa za bluu anabaki na pampasi tu, macho yamefunikwa, anatolewa kunyonya, na damu inarudiwa baada ya masaa manne mpaka sita. Ule mwanga unaibadilisha bilirubini itoke bila kusubiri ini. Jua la dirishani sio mbadala, huwezi kupima dozi yake, na mtoto uchi anapata baridi au anaungua, na kibaya zaidi ni zile siku zinazopotea mkisubiri.

Sababu nyingine ya damu kuvunjika ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike, upo sana maeneo yenye malaria ikiwemo pwani yetu. Mtoto mwenye huo upungufu akivalishwa nguo zilizokaa sandukuni na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza wadudu, damu yake inaweza kuvunjika vibaya sana. Kwa hiyo tafadhali nguo za kichanga zisikae na hivyo vidonge kabisa.

Kwa ngozi yetu nyeusi usiangalie uso ukiwa chini ya taa ya ndani, mtoe kwenye mwanga wa mchana, bonyeza ncha ya pua kwa kidole uachie uone rangi inayobaki, kisha angalia weupe wa macho na fizi. Viganja na nyayo zikiwa za njano imeshapanda sana, nenda muda huohuo. Na kama halii kawaida bali kwa sauti kali nyembamba, analala mpaka haamki kunyonya, au anajikunja mgongo kwa nyuma, usingoje kuche, hapo bilirubini inaelekea kwenye ubongo na inaweza kumuacha kiziwi au na ulemavu wa viungo.

Akifika wiki mbili njano bado ipo, rudi apimwe hata kama ananenepa. Fungua pampasi uangalie: choo cheupe kama chaki, au mkojo unaoacha rangi kwenye nepi, ni dalili kuwa njia ya nyongo inaweza kuwa imeziba, na upasuaji wake unafanya kazi vizuri zaidi akifanyiwa kabla ya siku 60.