Damu yake inasema AS, mwili wake ni SS

Kijana wa miaka 27 kutoka Mbagala alikuja maabara na mchumba wake. Posa ilikuwa imeshapokelewa, na walitaka kujua hali yao ya selimundu kabla ya ndoa. Mkononi alikuwa na majibu ya kipimo cha himoglobini kutoka kwingine: himoglobini S asilimia 39, iliyobaki karibu yote A. Kwa namba hizo yeyote angeandika AS, yaani mbebaji wa selimundu asiye mgonjwa. Mchumba wake naye ni AS, hivyo walikuwa wameambiwa kwamba kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Tulisoma jeni ya HBB kwenye damu yake, pale ambapo herufi moja ikibadilika ndipo selimundu huanzia. Mtu wa AS ana nakala moja ya A na moja ya S, kwa hiyo usomaji hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Yake ilikuwa S asilimia 80 na A asilimia 20. Programu ya kompyuta iliona herufi zote mbili zipo, ikaandika AS kama kawaida. Usipofungua grafu na kutazama urefu wa vilele, hapo ndipo unapotea. Mtu mwenye nakala mbili za jeni hutegemewa kuwa na sufuri, nusu au zote. Asilimia 80 haina mahali pa kukaa.

Kuna maelezo mawili. La kwanza ni umozaiki: mtu ametokana na yai moja lililorutubishwa, lakini kosa la kijeni likatokea baadaye katika seli moja, na uzao wa seli hiyo ukabaki tofauti na seli nyingine. La pili ni ukimera: ndani ya mwili mmoja mna seli zenye asili ya watu wawili. Asilimia peke yake haiwezi kuyatenganisha. Kinachoyatenganisha ni alama za vinasaba zilezile zinazotumika kupima ubaba. Mozaiki kwa kawaida ana alama za mtu mmoja, yaani vilele viwili kwa kila alama, au kimoja. Huyu alikuwa na vitatu kwenye alama kadhaa, na kwingine vinne. Zaidi ya hapo, kwenye alama ya jinsia kilele cha Y kilikuwa chini ya nusu ya kilele cha X, ilhali kwa mwanamume hukaribia kulingana.

Nikamuuliza kama amewahi kupandikizwa uloto.

"Ndiyo, daktari, India, nikiwa na miaka 14. Dada yangu ndiye aliyenitolea. Mimi nilishapona, ndiyo maana sikusema."

Fomu aliyopewa mwanzo haikuwa na swali hilo, na bado linaniuma, kwa sababu siku hizi upandikizaji huu unafanyika hata Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Watu kama yeye wataongezeka.

Dada yake ni AS. Tuseme asilimia 40 ya chembe nyeupe za kijana, ambamo vinasaba vya damu husomwa, zinatoka kwa dada, na 60 ni zake mwenyewe, SS, yaani nakala zote mbili ni za selimundu. S inakuwa 60 kutoka kwake na 20, nusu ya 40, kutoka kwa dada: jumla 80. Hesabu imekaa sawasawa. Lakini mbona himoglobini ilionekana ya AS safi? Kwa sababu chembe nyekundu zenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, na za dada karibu 120. Za dada ndizo zinazojaa kwenye mishipa, na ndiyo maana kijana ni mzima.

Mbegu zake za kiume hazikupandikizwa. Zinatokana na seli alizozaliwa nazo. Kuthibitisha, hatukutumia kijiti cha shavuni wala mate, kwani humo mna chembe nyeupe nyingi na zingetuletea tena vinasaba vya dada. Tulichukua kwa ganzi kipande cha ngozi cha milimita 3 mkononi, tukaotesha seli zake kwa wiki kadhaa. Jibu: SS, bila A hata kidogo.

Kwa hiyo kila mtoto atapokea S kutoka kwake, na kutoka kwa mama nafasi ni nusu kwa nusu. Si moja kati ya nne tena, ni moja kati ya mbili. Nilikaa nao karibu saa nzima. Mchumba wake aliuliza kama mimba inaweza kupimwa mapema. Inaweza, kuanzia wiki ya 11 hivi, kwa kuchukua chembe za kondo. Kijana nilimwomba apime pia mbegu, kwa sababu dawa kali zinazotumika kabla ya kupandikiza zinaweza kupunguza uzazi.

Kwenye ripoti mpya niliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: DAMU YA MGONJWA HUYU INA VINASABA VYA WATU WAWILI. USITUMIE DAMU WALA MATE KWA KIPIMO CHA KURITHI. Nakala moja nilimwambia aitunze pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.