Dang'a: vijiko vichache vinavyomtosha mtoto

"Mwanangu kazaliwa jana. Nikikamua, yanatoka matone mawili matatu mazito ya njano, basi. Naye kila saa anataka titi. Hivi kweli anashiba, au nimemshindisha njaa?"

Hayo matone ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na yanamtosha, ikiwa kazaliwa kwa wakati wake, hana maradhi na ananyonya kweli. Tuanze na tumbo lake. Katika saa ishirini na nne za kwanza, mtoto humeza kati ya mililita 2 na 10 kila anaponyonya. Kijiko kimoja cha chai hubeba mililita 5, kwa hiyo tunazungumzia nusu kijiko hadi vijiko viwili. Ukijumlisha siku nzima, wengi hupata kama vijiko vitano hadi saba tu. Kuta za tumbo la siku ya kwanza hazijazoea kutanuka. Ukimimina mengi, mtoto huyacheua. Siku ya pili na ya tatu kuta hizo hulegea, na kiasi cha maziwa kinapanda nazo: mililita 5 hadi 15 kwa mnyonyo siku ya pili, 15 hadi 30 siku ya tatu.

Halafu mtoto hakuja mikono mitupu. Amezaliwa na maji ya ziada mwilini, ambayo atayakojoa taratibu, na ini lake lina akiba ya sukari ya kumpitisha saa za mwanzo. Akiba hiyo ikipungua, mwili huanza kuyeyusha mafuta, na ubongo wa mtoto mchanga unajua kuyatumia mabaki ya mafuta hayo kama nishati. Ndiyo maana uzito hushuka siku za mwanzo hata kwa mtoto anayenyonya vizuri.

Kwa hiyo swali la kushiba, kwa maoni yangu, linaanzia pabaya. Kazi kubwa ya dang'a iko kwenye utumbo. Mtoto ametoka mahali pasipo na vijidudu, au vichache mno, na ndani ya saa chache utumbo wake unavamiwa na vijidudu vya kila aina. Dang'a imejaa kingamwili ambazo hazifyonzwi kuingia kwenye damu. Zinabaki juu ya ukuta wa utumbo kama rangi iliyopakwa, zikivishika vijidudu kabla havijapenya. Ndani yake mna pia chembe nyeupe hai za damu ya mama, na protini inayovinyima bakteria madini ya chuma vinavyoyahitaji ili kuongezeka. Kupaka ukuta hakuhitaji ndoo ya rangi.

Hapa binadamu anatofautiana na ng'ombe. Ndama huzaliwa bila kingamwili za mama yake kwenye damu, kwa hiyo lazima azipate kwa dang'a siku ile ile, na utumbo wake huacha mlango wazi kwa takriban siku moja zipite kuingia kwenye damu. Mtoto wetu alishapewa kingamwili za damu kupitia kondo la nyuma akiwa tumboni. Anachokosa ni ulinzi wa utumbo wenyewe. Ndiyo maana ndama hunywa lita kadhaa, na huyu wa kwako vijiko.

Rangi ya njano ni ya viini vile vile ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Uzito unatokana na protini nyingi, huku sukari na mafuta yakiwa kidogo kuliko kwenye maziwa yatakayofuata. Titi limekuwa likiitengeneza dang'a tangu katikati ya ujauzito, lakini homoni ya projesteroni, inayotolewa na kondo la nyuma, huzuia maziwa yasifunguke. Kondo likitoka, homoni hiyo inaporomoka, na ndani ya siku mbili hadi tatu maziwa hujaa. Mpaka hapo, seli zinazotengeneza maziwa zina mianya kati yake, na chembe za kinga za mama hupita kwa urahisi. Mianya ikifungwa, maziwa huongezeka na kuwa mepesi.

Tuchukue mtoto mmoja tumfuate. Kazaliwa na kilo 3.2. Akawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akanyonya kabla saa haijaisha. Siku ya kwanza kanyonya mara tisa, kakojoa mara moja, na kapata choo kimoja cheusi, kinata kama lami, ambacho hakifutiki kwa mfuto mmoja. Dang'a ndiyo inayokisukuma nje, na kinatoka na ile rangi inayosababisha umanjano. Choo hicho kikichelewa, sehemu ya rangi hufyonzwa tena kurudi kwenye damu. Siku ya pili kapimwa kilo 3.04: gramu 160 zimepotea, yaani asilimia tano. Usiku wa siku hiyo karibu hakulitoa titi mdomoni, na shangazi mtu akashauri apewe chupa. Hakupewa, na sawa, kwa sababu kule kunyonya kwa mfululizo ndiko kunakoliagiza titi liongeze. Siku ya tatu choo kikawa cha kijani, matiti yakawa mazito na ya moto. Siku ya tano choo kikawa cha njano, nepi za mkojo zikazidi tano, na uzito ukaanza kupanda. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili.

Sasa, dalili za kwamba mambo hayaendi hivyo. Mtoto huyu angeshuka chini ya kilo 2.88, ambayo ni asilimia kumi, angehitaji kuchunguzwa upesi. Vivyo hivyo choo kikiwa bado cheusi siku ya nne, nepi zikiwa kavu, au umanjano ukitokea ndani ya siku ya kwanza. Mtoto mkimya anayelala saa nyingi bila kudai titi ni wa kutazamwa zaidi kuliko yule mlalamishi. Na maziwa yasipojaa baada ya siku tatu, mama naye achunguzwe: huenda alipoteza damu nyingi, au kipande cha kondo kimebaki ndani na homoni haijashuka.

Mtoto akiwa msinzivu, kamua kwa mkono. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya titi, sentimeta mbili au tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia bila kuvitelezesha vidole kwenye ngozi. Tone la kwanza huenda likachukua dakika kadhaa. Likinge kwa kijiko safi kisha umgusishe mtoto mdomoni alambe mwenyewe. Mashine ya kukamulia siku hizi za mwanzo haisaidii sana, maana dang'a nyingi hunata kwenye mpira.

Aliyezaliwa kabla ya wakati, aliye mdogo mno au ambaye mama yake ana kisukari yuko nje ya hesabu hii. Akiba yake ya sukari ni haba au huisha haraka, kwa hiyo hupimwa sukari kwa tone la damu ya kisigino. Dang'a huja kwanza hata kwake, lakini sukari ikigoma kupanda ataongezewa maziwa mengine au dripu ya glukosi, na hapo mama asijilaumu wala asikatae.