Ofa inasema 4.5%, mbona chini imeandikwa 6.4%?

Juzi usiku binti wa mamdogo, yuko Leicester, kanirushia picha ya ofa yake ya mogeji kwa Watsap na voisi juu, "Kaka, hawa si wezi hawa? Nimeambiwa asilimia 4.5, hapa naona 6.4!" Mie kazi ya kushauri watu mikopo ya nyumba nimeifanya hukohuko Uingereza kabla sijarudi Unguja, basi nikajua keshafika kwenye mstari wa APRC, yaani gharama nzima ya mkopo ikigeuzwa asilimia ya mwaka, wengi huwatia homa hapo.

Si wizi. Kakopa paundi 200,000 kwa miaka 25, na ile 4.5 ni fiksi, riba isiyobadilika, ya miaka mitano tu, kila mwezi analipa kama 1,112. Fiksi ikiisha na yeye kakaa kimya, benki inamtupa kwenye riba yao ya kawaida inayopanda na kushuka, kwenye ofa yake ni 7.5, na malipo yanaruka mpaka kama 1,416. APRC inachukulia atakaa hapohapo miaka yote 25, inachanganya zile mitano rahisi na 20 ghali, na ada zikiwepo zinaingia humohumo, ndo ikatoka 6.4. Watu wengi hawakai, fiksi ikikaribia kwisha wanatafuta dili jipya. (Riba na dini mie si shekhe, hilo kaulize kwa wenyewe.)

Halafu tizama tarehe. Ofa nyingi hazihesabu miaka mitano toka siku unayopewa funguo, zinaandika tarehe kabisa, kwa mfano mpaka 31/10/2030, sasa mawakili wakichelewesha miezi mitatu ujue fiksi yako imeliwa miezi mitatu.

Ila mie kilichonishtua ni ERC, faini ya kulipa mapema, maana namjua, ana kiwanja Bububu anataka kukiuza apunguze deni. Yake inaanza 5% mwaka wa kwanza, inashuka moja moja mpaka 1% mwaka wa tano. Tuseme kauza mwaka wa tatu, deni limebaki kama 190,000, na mkononi ana 30,000. Ofa inamruhusu kulipa ziada mpaka 10% ya deni kwa mwaka bila faini, yaani 19,000. Zile 11,000 zilozidi zinakatwa 3%, paundi 330 zimekwenda bure. Na akiuza nyumba yenyewe akalimaliza deni lote mwaka huohuo, faini inafika kama 5,700!

Nikamwambia pesa asizipeleke kwa mkupuo, na kwanza apige simu aulize "mwaka" wao wa hiyo 10% unaanza lini, maana wengine wanahesabu toka Januari, wengine toka tarehe mkopo ulipoanza. Kapiga, wao ni Januari. Basi kiwanja kikiuzwa mwisho wa mwaka, 19,000 anaziingiza Disemba, 11,000 zinangoja Januari.