Pasi nyingi si sawa na kuunganisha timu

“Mchezaji aliyepiga pasi nyingi zaidi si ndiye anayeiunganisha timu?”

Hapana, na mtandao wa pasi unaonyesha sababu. Kila mchezaji huwa nukta, na kila pasi iliyofika huongeza uzito wa mshale unaotoka kwa mpigaji kwenda kwa mpokeaji.

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Beki wa kulia anampa beki mwenzake pasi 30 na kurudishiwa 28. Kiungo mkabaji anapokea 9 kutoka kwa wa kwanza na 8 kutoka kwa wa pili, kisha anampa winga 7 na mshambuliaji 6. Kwa hesabu ya pasi, mabeki wanaongoza kwa 39 na 36, naye kiungo ana 13 tu. Lakini njia zote nne fupi zaidi za kutoka kwa mabeki hadi kwa washambulizi hao wawili zinapita kwake, na hakuna hata moja inayomhitaji beki katikati. Ukimwondoa yeye, mpira haufiki mbele.

Wengi hukosea hapa: programu za kutafuta njia fupi husoma uzito kama umbali, hivyo pasi 30 huonekana safari ndefu. Geuza kwanza, `1/n`, ambapo n ni idadi ya pasi, ili pasi nyingi ziwe ukaribu. Vilevile mimi hukata data kwenye badiliko la kwanza la mchezaji, kwa sababu aliyeingia dakika ya 70 hawezi kulinganishwa kwa haki na aliyeanza.