Matuta Manne, Wiki Nne

Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na kikundi cha vijana pembezoni mwa Dar es Salaam kuhusu kujipatia kipato wakati ajira rasmi haijapatikana. Kwa kuwa mimi ni bwana shamba, niliwaeleza jambo moja tu ninalolijua vizuri, yaani mchicha.

Mchicha huwa tayari kung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne, hivyo hata mwenye mtaji mdogo anaweza kuusubiri. Tuta liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza kabisa, kwani samadi mbichi huunguza miche, na mbegu zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kusiwa, maana ni ndogo mno na mkono mtupu huzimwaga zote mahali pamoja. Miche iliyosongamana na kulowa kupita kiasi huoza shinani na kulala chini. Ukiona hivyo, ipunguze na upunguze maji.

Linalowaangusha wengi, hata hivyo, ni kalenda. Kijana mmoja niliyemsimamia alisia matuta yake manne siku moja, yakakomaa wiki moja. Wachuuzi wa kwetu hununua tuta zima likiwa bado shambani. Walichukua mawili, na yaliyobaki yakatoa maua, majani yakawa madogo na mashina magumu. Msimu uliofuata alisia tuta moja kila Jumatatu, na kuanzia wiki ya tano akawa anauza tuta moja na kulisia upya wiki hiyohiyo.

Hesabu niliiandika ubaoni kwa bei za mfano tu. Tukisema tuta linauzwa shilingi 10,000, na mbegu, samadi na maji vinagharimu 4,500, basi hubaki 5,500, ambayo kwa matuta manne ni 22,000 kwa mwezi. Waliguna, nami sikuwalaumu, kwa sababu fedha hiyo hailipi kodi ya chumba. Ndiyo maana niliwashauri wajifunze kwa matuta manne, kisha wafikie kumi na mawili ikiwa maji yanatosha. Maji hayo yasitoke kwenye mtaro wa maji taka, hata kama ndiyo yaliyo karibu na ni ya bure.

Binti mmoja aliuliza afanye nini wakati wa masika, kila mtu anapokuwa na mchicha na bei inashuka. Nilimjibu kwamba miezi hiyo apunguze matuta ya mchicha, sehemu iliyobaki apande matembele, ambayo huchumwa mara nyingi bila kupandwa upya, na nguvu ya mchicha aiweke kwenye kiangazi, mradi awe na kisima kisichokauka. Aliniambia kisima chao hukauka Septemba. Tukakubaliana aanze na matuta mawili.