Je, wajua kwa nini programu inayong'ang'ania seva ndiyo inayocheleweshwa zaidi?

"Duka letu la pembejeo hapa Mwanjelwa lina programu inayouliza seva kila sekunde kama kuna oda zinazosubiri. Tangu tuongeze kompyuta ya pili, oda zinachelewa na tunaona 429 kila mara. Mtandao uko sawa. Kwa nini?"

Namba 429 ni jibu la seva lenye maana ya "umezidisha maombi". Iliingizwa rasmi kwenye kanuni za wavuti mwaka 2012, kupitia waraka wa RFC 6585. Kwa hiyo mtandao hauna kosa: ombi lilifika, likasomwa, likakataliwa.

Tuseme seva inaruhusu maombi 60 kwa dakika kwa kila ufunguo, yaani msimbo wa siri ambao programu hujitambulisha nao kwa seva, na kompyuta zenu mbili zinatumia ufunguo mmoja. Kila moja inauliza mara 60, jumla 120. Seva ikihesabu kwa dakika ya saa, nusu ya kwanza ya dakika mambo yanakwenda vizuri, kisha kuanzia sekunde ya 30 kila jibu ni 429 mpaka dakika igeuke. Fungueni kumbukumbu za programu mtazame saa za makosa. Mkiyakuta yamerundikana nusu ya pili ya kila dakika, ugonjwa ni huo.

Hali inakuwa mbaya zaidi pale programu inapokataliwa na kurudia papo hapo. Zipo seva zinazohesabu hata maombi zilizoyakataa, tena kwa kutazama sekunde 60 zilizopita badala ya dakika ya saa. Hapo kila jaribio jipya linajaza hesabu upya. Unakataliwa kwa sababu unauliza, na unauliza kwa sababu umekataliwa. Usipokaa kimya, hutoki humo.

Ndiyo maana kusubiri kunaongezwa maradufu: ukikataliwa subiri sekunde 2, tena 4, kisha 8, 16, 32, na kuanzia hapo dakika moja bila kuongeza. Kama tatizo ni dogo, umepoteza sekunde chache tu. Kama ni kubwa, unaacha kuitwisha seva mzigo bila wewe kujua mapema litachukua muda gani. Mbinu hii ni ya zamani kuliko wavuti. Nyaya za Itheneti za miaka ya 1970 ziliitumia kompyuta mbili zilipotuma data kwa pamoja na kugongana.

Lakini kuongeza maradufu peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanakwama. Fikiria maduka 40, kutoka Tunduma hadi Mafinga, yanayotumia programu hiyo hiyo. Umeme umekatika, umerudi, na kompyuta zote zinauliza kwa wakati mmoja. Seva inamudu maombi 10 kwa sekunde. Kumi yanapita, 30 yanakataliwa, na yote 30 yanasubiri sekunde 2 kamili, kisha yanarudi kwa pamoja. Kumi yanapita tena, 20 yanasubiri sekunde 4. Wa mwisho wanahudumiwa sekunde ya 14, wakati seva ilikaa bure karibu muda wote huo. Wote wanasubiri kwa adabu, ila wote wanarudi kwa wakati ule ule.

Dawa ni kuchagua muda kwa bahati nasibu, kati ya sifuri na kikomo cha zamu hiyo:

```python
subira = random.uniform(0, min(60, 2 * 2**n))
```

Hapa `n` ni idadi ya mara ulizokataliwa kabla ya hii, ikianzia 0. Jibu zuri likipatikana, `n` inarudi 0. Seva ikikutumia kichwa cha `Retry-After`, fuata hicho kwanza: kikisema 20, subiri sekunde 20, kisha ongeza sekunde chache za bahati nasibu juu yake. Seva inajua hali yake kuliko fomula yako.

Kwa duka lenu, ningeanza na mwendo wa kawaida. Kila kompyuta iulize kila baada ya sekunde 5. Zote mbili zitafikisha maombi 24 kwa dakika, na nafasi inabaki. Mteja anayesubiri mifuko ya mbolea hatasikia tofauti ya sekunde nne. Na jibu la "hakuna oda" si kosa, kwa hiyo lisipandishe `n`. Usiku, duka likiwa limefungwa, ongezeni tu nafasi kati ya ulizo na ulizo hadi sekunde 30.

Msirudie kila kosa. Jibu la 401 linasema ufunguo haukubaliki, na kusubiri hata saa nzima hakutaubadilisha. Hapo programu isimame na kumwita mtu. 429 moja moja kwa siku si ya kuhangaikia. Zikija mfululizo hata baada ya marekebisho haya, tafuteni kama kuna kompyuta ya tatu iliyosahaulika inayotumia ufunguo huo huo.